Badiliko la bajeti lipigwe na kilichoidhinishwa au kilichopokelewa?

"Mkurugenzi anataka randama ya wizara, yaani kitabu cha maelezo ya bajeti yake, ifupishwe iwe karatasi moja: idara imetengewa nini, na kimepanda au kushuka kiasi gani. Ulinganisho niufanye na bajeti iliyoidhinishwa mwaka uliopita au na fedha tulizopokea kweli?"

Ukiwauliza maafisa mipango wengi wa siku hizi, watakuambia ufanye na fedha zilizopokelewa, na sababu wanayo. Bunge linaweza kuidhinisha bilioni tano, Hazina ikatoa mbili. Afisa anayelinganisha makadirio na makadirio, wanasema, analinganisha ahadi na ahadi, na karatasi yake haimwambii mkurugenzi idara iliishije mwaka mzima. Hoja hiyo ina uzito, hasa kwa miradi ya maendeleo, na nitairudia. Lakini imesemwa sana hadi njia ya zamani, ya kulinganisha kilichoidhinishwa na kinachoombwa, inaonekana ni ya watu wasiojua kinachoendelea. Hapo ndipo ninapotofautiana nao.

Anza na tarehe. Mwaka wa fedha wa Tanzania unafungwa tarehe 30 Juni, ilhali hotuba na randama za wizara zinapelekwa bungeni kati ya Aprili na Juni. Kwa hiyo utakuta sentensi ya aina hii: "hadi kufikia Aprili, wizara ilipokea shilingi kadhaa, sawa na asilimia fulani ya bajeti." Hiyo ni miezi kumi. Wizara inayosoma mapema inaishia Machi, yaani miezi tisa. Makadirio ya mwaka unaofuata yaliyo kurasa za mbele ni ya miezi kumi na mbili. Ukiyagawa hayo kwa yale, badiliko unalopata limechanganya mambo mawili: ongezeko la bajeti na miezi miwili au mitatu ambayo haijafika.

Tuchukue idara ya mfano ili hesabu ionekane. Matumizi Mengineyo, yaani matumizi ya kawaida yasiyo mishahara, yaliyoidhinishwa mwaka unaoendelea ni shilingi milioni 400. Hadi mwisho wa Aprili zimepokelewa milioni 250. Mwaka ujao zinaombwa milioni 440. Ukilinganisha na kilichoidhinishwa, ongezeko ni milioni 40, sawa na asilimia 10. Ukilinganisha na kilichopokelewa, ongezeko ni milioni 190, sawa na asilimia 76. Sasa sema Mei na Juni zikaja milioni 120, jambo la kawaida kabisa kwa kuwa fedha nyingi hutolewa mwishoni mwa mwaka. Idara inafunga ikiwa na milioni 370, na ile asilimia 76 inakuwa 19. Idara haijabadilika kitu wala ombi halijaguswa; kilichopita ni wiki nane tu.

Wapo wanaojaribu kuitibu kasoro hii kwa kugawa milioni 250 kwa kumi na kuzidisha kwa kumi na mbili, wakapata milioni 300 na ongezeko la asilimia 47. Hesabu hiyo inadhani fedha hutoka kwa kiwango kilekile kila mwezi, jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kusubiri fedha za robo ya nne anajua si kweli. Mishahara ndiyo hutoka kwa mpangilio huo. Matumizi Mengineyo huyumba, na fedha za wahisani huja kwa mkupuo, pengine mara moja kwa mwaka.

Nalisisitiza hili kwa sababu ya kinachofuata karatasi ikishaingia kikaoni. Mkurugenzi akisoma asilimia 76, ataamini idara yake imenenepa. Atakubali majukumu mapya, au, mbaya zaidi, wenzake kwenye menejimenti watamkumbusha namba hiyo siku wizara inapotakiwa kupunguza ili iingie ndani ya ukomo wa bajeti. Ukweli ni kwamba idara ina nyongeza ya milioni 40, na mfumuko wa bei wa karibu asilimia 3, kama ule wa Tanzania wa mwaka 2024, umekwishakula kama milioni 12 kati ya hizo. Milioni 28 haziendi mbali. Idara haiwezi kujitetea kwa namba ambayo afisa mipango wake mwenyewe ameikuza.

Kuna sababu ya pili ya kushika kilichoidhinishwa, nayo ni ya kisheria. Kinachoidhinishwa na Bunge ndicho kikomo cha afisa masuuli, yaani mtendaji anayewajibika kwa fedha za wizara. Mpango wa manunuzi, mtiririko wa fedha wa robo kwa robo, na maombi ya uhamisho kutoka kasma moja, yaani mstari mmoja wa matumizi, kwenda nyingine vyote vinaanzia hapo. Afisa mipango anapanga ndani ya mamlaka hiyo, kwa hiyo anapaswa kwanza kujua mamlaka yenyewe imeongezeka au imepungua.

Njia hii nayo ina mtego wake, na ndio unaowapa wapinzani wake silaha. Kilichoidhinishwa mwaka jana lazima kiwe cha kitu kilekile. Mfano mzuri ni wizara ya ujenzi na ile ya uchukuzi. Bajeti ya mwaka 2023/24 ilisomwa chini ya wizara moja, Ujenzi na Uchukuzi, ikiwa kama shilingi trilioni 3.55. Mwishoni mwa Agosti 2023 wizara hiyo ikagawanywa. Mwaka 2024/25 Wizara ya Ujenzi peke yake ikaomba takribani trilioni 1.77. Mtu anayefupisha kwa kufuata jina la wizara angeandika kwamba bajeti imeshuka kwa nusu, na asilimia yake ingekuwa sahihi kwa kikokotoo.

Asingefanya kosa hilo kama angefuata namba ya fungu, yaani namba ambayo wizara au sehemu yake hupewa kwenye vitabu vya bajeti. Hata wizara ilipokuwa moja, Ujenzi ilikuwa Fungu 98 na Uchukuzi Fungu 62. Katika ile trilioni 3.55, Fungu 98 lilikuwa na kama trilioni 1.47 na Fungu 62 kama 2.09. Mwaka uliofuata zikawa 1.77 na 2.73. Kwa hiyo Ujenzi ilipanda kwa karibu asilimia 20 na Uchukuzi kwa karibu asilimia 31. Majina ya wizara hubadilika kila baraza la mawaziri linapopangwa upya, lakini mara nyingi fungu hubaki. Ndani ya fungu fanya vivyo hivyo kwa vifungu, yaani sehemu za idara moja moja: kama idara imepokea kitengo kutoka kwa jirani, chukua fedha za kitengo hicho kwenye safu ya mwaka jana uziongeze upande wako kabla ya kupiga asilimia, kisha eleza chini ya jedwali umefanya hivyo.

Sasa nirudi kwa wanaotaka kilichopokelewa, kwa sababu kwenye fedha za maendeleo wameona kitu cha kweli. Mradi wa fedha za nje uliidhinishiwa bilioni 5, hadi Aprili haijaingia hata senti, na mwaka ujao zimewekwa bilioni 5 zilezile. Kwa njia ninayoitetea, badiliko ni sifuri, na mkurugenzi atasoma kwamba mradi umetulia. Haujatulia. Hapo karatasi isiyo na fedha zilizopokelewa inapotosha.

Lakini hata hapo uliza kwanza. Baadhi ya fedha za wahisani huenda moja kwa moja kwenye mradi bila kupita Hazina, na taarifa zake hufika kwa mhasibu zimechelewa. Sifuri ya kwenye randama inaweza kuwa mradi uliokwama au mradi unaojengwa ambao karatasi zake hazijafika. Simu moja kwa mratibu wa mradi inamaliza utata ambao hakuna hesabu itakayoumaliza.

Kwa hiyo safu ya kilichopokelewa iwepo, ikiwa na mwezi kwenye kichwa chake: "Zilizopokelewa hadi Aprili". Pembeni yake andika ni asilimia ngapi ya kilichoidhinishwa. Usipige nayo badiliko la mwaka hadi mwaka. Anayetaka kulinganisha na fedha halisi anazo tayari kwenye vitabu vya makadirio, ambavyo huonyesha matumizi halisi ya mwaka uliokwisha kufungwa, kilichoidhinishwa mwaka huu na makadirio ya mwaka ujao. Ile safu ya mwaka uliokwisha kufungwa ni ya miezi kumi na mbili kamili, na watu wengi huiruka kwa sababu inaonekana imepitwa na wakati. Kwa kujua tabia ya kifungu, ndiyo bora kuliko zote: kama idara iliidhinishiwa milioni 380 ikatumia 360, una kipimo unachoweza kukitetea mbele ya yeyote.

Kwa upande wa mistari, jedwali la idara linatosha kuwa na minne: mishahara, Matumizi Mengineyo, maendeleo fedha za ndani, maendeleo fedha za nje. Usiishie kwenye jumla ya Matumizi ya Kawaida. Nichukue idara nyingine ya mfano. Jumla imetoka milioni 1,000 hadi 1,090, ongezeko la asilimia 9, na kila mtu anafurahi. Ukifungua ndani, mishahara imetoka 600 hadi 730 kwa sababu ya ajira mpya, na Matumizi Mengineyo yametoka 400 hadi 360. Watumishi wameongezeka, mafuta na safari za kuwafikisha kazini zimepungua kwa asilimia 10. Hiyo ndiyo habari ambayo mkurugenzi alihitaji, na jumla ilikuwa imeifunika.

Fedha za maendeleo ziko kwenye kitabu tofauti na cha Matumizi ya Kawaida, kwa hiyo miradi ya kifungu chako itafute huko kwa namba ya kifungu, kisha hakikisha jumla ya mistari yako inalingana na jumla iliyochapwa. Isipolingana, mara nyingi kuna mradi ulioachwa au namba iliyosomwa kwa maelfu badala ya shilingi. Badiliko liandikwe kwa shilingi kwanza, asilimia ifuate, maana kasma iliyotoka milioni 2 hadi 6 itapiga kelele kwa asilimia 200 wakati haibadilishi kitu. Mstari ambao mwaka jana ulikuwa sifuri uandikwe "mpya" bila asilimia.

Karatasi hiyo itumike hadi Juni. Vitabu vikishafungwa na mhasibu akatoa taarifa ya mwaka mzima, ondoa safu ya Aprili uweke ya miezi kumi na mbili. Hapo waliotaka ulinganisho na kilichopokelewa watakuwa na haki ya kupiga asilimia yao, na itafaa kuwekwa mbele ya menejimenti wakati mwongozo wa maandalizi ya bajeti inayofuata unapotoka.