Kiti nusu safi kwa mama ntilie: tangazo la elfu hamsini linalipa?

Muuza sabuni ya maji wa Mbagala mwenye shilingi 50,000 za kujitangaza hafiki mbali redioni. Mtaani anafika. Anamwomba mama ntilie kiti kimoja cha plastiki kilichofubaa, anakiosha nusu tu, na nusu ya pili anaiacha na weusi wake. Kiti kinawekwa mbele ya kibanda saa ya chakula cha mchana, kikiwa na stika yenye bei na namba ya simu. Hakuna anayepita bila kuuliza, na jibu analiona kwa macho yake.

Wanaoipinga mbinu hii wana hoja. Kiti hicho kinaweza kumwaibisha mama ntilie, kana kwamba wateja wake hukalia uchafu. Basi ruhusa iombwe mapema, na viti vyote vilivyobaki vioshwe bure. Kubandika karatasi kwenye nguzo za umeme ni kubaya zaidi: nguzo si yako, na karatasi yenyewe imebeba namba yako, kwa hiyo kukupata ni rahisi. Kelele pia haichagui wa kumwita. Sabuni isiyo na alama ya TBS ikianza kuzungumzwa, mkaguzi naye atasikia.

Wakubwa nao wameumia. Mwaka 2007 mjini Boston, vibao vya taa vya kutangaza katuni vilidhaniwa kuwa mabomu, barabara na madaraja yakafungwa. Kampuni yenye chaneli ya katuni hiyo ililipa dola milioni 2 na bosi wa chaneli akajiuzulu. Katuni ilijulikana, lakini mwenye mtaji wa ndoo nne hana cha kulipia umaarufu wa namna hiyo.

Kwangu mimi, hatari hizo zinaepukika. Kinachowaponza wengi ni hesabu. Tuseme siku mbili za kiti zimeuza chupa 40, kila moja ikiwa na faida ya shilingi 1,000. Mtu anashangilia 40,000. Lakini siku mbili za kawaida huuza 15, kwa hiyo kiti kimeleta 25 tu: faida 25,000 kwa gharama ya 50,000. Na kama ilikuwa mwisho wa mwezi, hata hizo 25 zina shaka. Angalia kituo kingine unakouza ambako hukuweka kiti. Kama nako mauzo yalipanda, ni mshahara huo.

Nusu iliyobaki itoke kwa wanaorudi. Chupa za wateja wapya wa siku za kiti zifungwe vifuniko vyekundu, na anayerudisha chupa ajaziwe kwa bei iliyotoa gharama ya chupa, ili faida ibaki ileile 1,000. Kila kifuniko chekundu kinachorudi andika daftarini. Vikirudi 10 kwa mwezi, 25,000 iliyopungua inarudi kwa miezi miwili na nusu, na kiti kinastahili kuhamia kibanda kingine. Vikirudi vitatu, itachukua zaidi ya miezi minane. Hapo ningeacha viti na kuitazama sabuni yenyewe, kwa sababu watu waliijaribu na hawakuitaka tena.