Mama Yangu Hakuambiwa Kama Kuna Pweza

Mwaka jana nilirudi nyumbani nikamchukua mama tukale hoteli moja ya ufukweni Unguja. Tulikaa meza ya wanne: mimi, mama, na marafiki wawili niliokuja nao kutoka Kanada. Mhudumu, kijana msafi na mchangamfu, aliwageukia wageni wangu akawaeleza kwa Kiingereza vyakula vya siku hiyo. Kulikuwa na pweza wa nazi na changu wa kupaka. Aliwaambia samaki kavuliwa lini, kachomwaje, na anakuja na nini. Kisha akamgeukia mama: "Na wewe mama, utakula nini?" Basi. Mama akajibu wali kwa kuku, kwa sababu hicho ndicho alichojua kipo kila hoteli. Mama yangu, mtoto wa pwani anayependa pweza kuliko nyama yoyote, alikula kuku siku ile.

Simlaumu kijana. Nilimuuliza baadaye, akanionyesha karatasi waliyopewa kwenye mafunzo. Upande wa Kiingereza ulijaa, kuanzia salamu mpaka bili. Upande wa Kiswahili ulikuwa na mistari minne, yote imetafsiriwa kutoka upande wa pili: "Jina langu ni fulani na nitakuwa mhudumu wako leo." Nani anaongea hivyo? Kijana mwenyewe alikuwa anaona aibu kuyasema, kwa hiyo akayaacha, na alipoyaacha hakubaki na kitu.

Nimekuwa mhudumu Montreal kwa miaka tisa. Mji ule una Kifaransa na Kiingereza, na lugha ya kumkaribishia mteja ni jambo zito mpaka bungeni. Mwaka 2017 Bunge la Kebeki, jimbo ulipo mji huo, lilipitisha azimio la kuwasihi wenye maduka wamsalimie mteja kwa salamu ya Kifaransa peke yake, waache ile ya "bonjur-hai" inayochanganya lugha mbili. Azimio halikuwa sheria, na wengi bado wanachanganya. Lakini katika mgahawa nilioanzia, niligundua jambo ambalo kwetu sikuwahi kuliona: karatasi ya mafunzo haikuwa tafsiri. Zilikuwa karatasi mbili, kila moja imeandikwa na mtu anayeila na kuiota lugha hiyo.

Sababu niliielewa wiki ya kwanza. Kuna neno la menyu linalotamkwa karibu sawa katika lugha zote mbili, "antre". Kwa Kifaransa ni kile kidogo cha kuanzia. Kwa Kiingereza cha Amerika Kaskazini ni chakula kikuu chenyewe. Mzungumzaji wa Kiingereza akikuuliza una antre gani, ukamletea kibakuli cha supu, amekasirika na ana haki. Karatasi iliyotafsiriwa neno kwa neno ingetutumbukiza hapo kila siku. Zile zetu zilituambia: kwa huyu sema "cha kuanzia", kwa yule sema "chakula kikuu", neno lenyewe liache menyuni.

Namna ya kuchukua oda pia ilifundishwa kwa makini. Kila kiti kina namba, ukianzia na anayeupa mlango mgongo na kuzunguka upande mmoja bila kuruka. Kwenye kijitabu, pembeni ya namba, unaandika herufi moja ya lugha ya mtu huyo, ile aliyofungulia yeye mdomo. Mgeni akijaribu Kifaransa kibovu, humhamishi kwenye Kiingereza, maana unamwambia kuwa jitihada yake haitoshi. Unamrudia kila mmoja oda yake kwa lugha yake kabla hujaondoka, ila tiketi ya jikoni inaandikwa kwa lugha moja tu. Na kabla ya zamu jikoni wanataja kilichoisha. Kule wanaita "themanini na sita": ukisikia samaki ni themanini na sita, humtaji mezani. Kwetu mteja anaagiza, anakaa robo saa, halafu anaambiwa "changu ameisha".

Binamu yangu ana mgahawa Tanga, akaniomba nimsaidie na wahudumu wake watano. Tulianza na Kiswahili, tukaandika namna tunavyosema. Adabu ya Kiswahili haikai kwenye "tafadhali" wala kwenye "ungependa", ambalo mwenye umri wa mama analisikia kama tangazo la redio. Inakaa kwenye salamu, na kwenye kitenzi cha kuomba ruhusa. Mtu mzima anaanziwa na shikamoo, akiitikia ndipo unasema: "Karibuni sana. Niwaletee maji kwanza?" Hilo "niwaletee" limebeba heshima yote.

Kwa Kiingereza ni kinyume. Muhudumu akiligeuza "Unakula nini?" neno kwa neno, mgeni anahisi anahojiwa. Kule heshima inakaa kwenye mzunguko wa sentensi, kwa hiyo upande huo tuliwaandikia sentensi nzima nzima, wakazikariri.

Tukafika kwenye chakula cha siku. Kwa Kiingereza kinahitaji jina la kukitambulisha, kwa Kiswahili linatosha neno "leo". Tuliandika hivi: "Leo tuna changu wa kupaka, amekuja asubuhi. Anachomwa mkaani, halafu anapakwa nazi nzito yenye ndimu, tangawizi na pilipili kidogo. Anakuja na wali au chapati." Na bei inatajwa hapohapo, kwa lugha zote mbili. Mtu asiyetajiwa bei ama anaogopa kuagiza, ama anagombana kwenye bili. Kwa mgeni tuliongeza jambo ambalo mpwani haambiwi: samaki anakuja mzima, na kichwa chake na miiba yake.

Palipotuchukua muda zaidi ni kwenye vyakula vinavyodhuru watu. Neno "mzio" wahudumu watatu hawakulijua, na wateja wengi wanasema "aleji". Tukaandika swali la wazi: "Kuna chakula kinachokudhuru, au usichokula kabisa?" Kisha tukapita menyu yote kutafuta kilichojificha. Kisamvu cha binamu kinaungwa kwa karanga na nazi, lakini jina halisemi. Mgeni mwenye mzio wa karanga akisoma kuwa ni majani ya muhogo, anakula kwa amani, na baada ya dakika chache midomo inavimba na pumzi inabana. Sasa mhudumu akitaja kisamvu anataja na karanga, aulizwe asiulizwe. Isitoshe, Tanga ni karibu na mpaka: Mkenya akiuliza kama kuna njugu, anauliza hizohizo karanga. Na asiye na uhakika hajibu "hakuna". Anasema, "Ngoja nimuulize mpishi," na anakwenda kweli.

Najua nitaambiwa Mswahili hahitaji kuelezwa changu wa kupaka. Si kweli. Anahitaji kujua kama leo yupo, amekuja lini, ni bei gani. Karatasi isipokuwa na maneno hayo, mhudumu anamnyima mteja habari bila kukusudia, na kwa kawaida anayenyimwa ni yule mwenye lugha ya nyumbani.

Kabla sijaondoka nilimpeleka mama Tanga. Binti mdogo kuliko wote pale ndiye aliyetuhudumia. Alipiga magoti kidogo, akasema shikamoo, akataja changu na bei yake. Mama akamuuliza, "Huyo changu ana mafuta?" Binti akasema ngoja nimuulize mpishi. Akarudi na changu mbichi kwenye sahani, mama akamgeuza upande na upande, akaangalia matamvua, akasema, "Huyuhuyu, nichomee."