Kaskazini ya B

Wallahi jana usiku nimesahihisha madaftari 42 ya beringi, zile pembe za kupimwa kutoka kaskazini, umeme umekwenda zake tangu magharibi, tochi ya simu meno ndo yaloishika, na kaskazini nilizoziona ni 42 pia. Kila mtoto na yake. Nyengine zimelala kama minazi ya ufukweni.

Suali lenyewe halina uzito. Mashua imetoka A kwa beringi ya 060° ikenda kilomita 8 mpaka B, halafu ikashika 150° kilomita 6 mpaka C. AC ni masafa gani? Unasimamisha kaskazini A, unasimamisha nyengine B, ziwe sambamba kama milingoti miwili. Beringi ya kurudi, B kuja A, ni 240°, toa 150° inabaki 90°. Pembe mraba hiyo, 6 na 8 zinatoa 10, kwisha, kalale.

Wapo waliosoma protrakta safu siyo, 060° ikawa 120°. Hao nishawazoea.

Sasa huyu bwana wa benchi la nyuma kaniletea 8.2! Nikasema kaibia, lakini kaibia kwa nani, jibu hilo hana mwenziwe darasa zima. Nikaipima pembe yake ya B, 70°. Zile 20 zimekwenda wapi? Kumbe kaskazini ya A kaipiga kwa rula, ya B kaivuta kwa mkono ikaanguka kulia 20°, halafu 150° yake kaipima vizuuri, kwa utulivu kabisa, kutoka kwenye huo huo mstari ulioanguka. Na la kuudhi zaidi kosaini yake iko sawa: 64 + 36 − 96 × 0.342, inatoka 67.2, kipeuo chake 8.2. Kila kitu sawa ila dunia.

Leo asubuhi nikamwita mbele, nimejikohoza kama kadhi.

"Ewe, kaskazini ya B mbona imeinama?"

"Mwalimu, si mashua ishageuka? Na yenyewe imegeuka nayo."

Nikaona nishampata, maana huku kwetu kibla na kaskazini ni karibu kitu kimoja. "Baba yako akitoka Mkoani akenda Wete, huko hugeuza kibla?"

"Akiwa chomboni husali hivyo hivyo mwalimu, inategemea upepo."

Darasa zima chini. Nikapiga kelele nyamazeni, sauti ikakatika katikati, ndo wakazidi. Na alama za njia nikampa vilevile, sasa ningemnyima vipi?

Na protrakta yangu haijarudi mpaka saa hizi, mama watoto naye kanisubiri mlangoni ati rafu ya vyombo niliyoipigilia juzi imeinama, sufuria zinateremka zenyewe usiku. Nimemwambia rafu iko sawa, ukuta ndo ulioinama.