Hiyo ada ndogo siyo wanayoitafuta

Nilikuwa nasubiri mzigo kweli, ndiyo maana matapeli walinipata kwa meseji: "Mzigo wako umezuiliwa forodhani. Lipa 1.99 ndani ya saa 24, la sivyo utarudishwa." Jina langu halikuwemo, wala namba ya mzigo. Hawakujua kama nimeagiza kitu. Meseji hizi humwagwa kwa maelfu ya namba, na anayesubiri mzigo hujileta mwenyewe.

Tumezoea kuambiwa tuangalie makosa ya lugha. Ushauri huo umechakaa. Hii ilikuwa safi, tena ilikaa chini ya jina lilelile linalonitumia meseji za kweli za mizigo, kwa sababu jina la mtumaji laweza kughushiwa, na simu huzipanga pamoja.

Nikabonyeza. Ukurasa ulikuwa na nembo, ukanitaka anwani, kisha namba ya kadi, tarehe ya mwisho na zile tarakimu 3 za nyuma. Nilijiambia, hela yenyewe ni kidogo, hata ikiliwa si neno. Ndivyo wanavyotaka uwaze! Wangeomba 200 ningepiga simu kuuliza.

Kikaja kiduara kinachozunguka: "Tunathibitisha malipo." Wakati mimi nakitazama, mtu mahali fulani alikuwa anaiingiza kadi yangu kwenye pochi ya malipo ya simu yake. Benki ikatuma namba ya siri, ukurasa nao ukaiomba. Kwa bahati niliisoma meseji ya benki yote badala ya kunakili tarakimu tu. Ilisema namba hiyo ni ya kuongeza kadi kwenye simu. Haikutaja malipo yoyote, wala 1.99.

Ningeiandika, simu yake ingekuwa kadi yangu. Angeigusisha kwenye mashine ya dukani na kulipa, bila mimi kuombwa namba nyingine. Wizi wenyewe uko pale, kwenye namba ya siri. Ile ada huenda wasiikate kabisa.

Nilifunga ukurasa, lakini haikutosha, maana kurasa nyingine hunasa tarakimu unapoziandika, hata kabla hujabonyeza kutuma. Nikapiga namba iliyo nyuma ya kadi, nikaomba ifungwe nipewe nyingine, na nikauliza waziwazi kama kuna simu yoyote iliyounganishwa nayo. Swali hilo liulize hata ukishapewa kadi mpya, kwani muunganisho wa zamani unaweza kuhamia kwenye namba mpya. Kubadili namba ya siri ya mashine ya pesa hapa hakusaidii kitu.

Ndipo nikaitazama linki kwa utulivu. Ilikuwa ya namna hii: `posta.lipa-ada.example/mzigo`. Jicho hukimbilia neno la kwanza, posta, lakini mwenye tovuti husomwa mwishoni, kabla tu ya mkwaju wa kwanza, yaani alama ya `/`: `lipa-ada.example`.

Baadaye niliingia mwenyewe kwenye tovuti niliyonunulia. Mzigo ulikuwa bado uko ghalani kwa muuzaji.