Povu huanzia kwenye friji

Mzee mmoja wa Mji wa Kale, mzoefu wa kahawa tungu inayomiminwa kutoka kwenye dele ikifuka mvuke, alionja kapuchino yangu akaisukuma kando. "Mwanangu, hii ni ya kunyonyeshea mtoto." Nilimwelewa. Sisi tumelelewa na chai ya maziwa iliyochemka mpaka ikafurika. Lakini maziwa ya kapuchino sitayachemsha, hata aje nani. Yakipita digrii 70 huanza kunuka ya kuiva, utamu wake hupotea, na povu hukauka likakaa juu peke yake kama la sabuni. Mimi huzima mvuke wa mashine kwenye 60, nikizidisha sana 65.

Kijana tunayefanya naye kazi alikuwa akitoa povu la mapovu makubwa kila siku saa nane mchana, na asubuhi hana shida. Akalaumu mashine. Nikashika paketi yake ya maziwa: ilikuwa na joto la chumba, imekaa juu ya meza tangu mteja wa kwanza. Na joto la Mombasa mnalijua.

Hewa huingizwa maziwa yakiwa bado baridi, mpaka yafikie joto la mwili, kama digrii 37. Baada ya hapo ni kuzungusha tu, mapovu yasagike yawe laini kama rangi ya ukutani iliyokorogwa. Maziwa ya friji huanza kwenye digrii 5 hivi. Mashine yetu huyapandisha kama digrii mbili kwa sekunde, kwa hiyo una sekunde 15 hivi za kutia hewa. Ya kijana yalianzia 29. Alibakiwa na sekunde nne! Akishtuka akaendelea kutia hewa yakiwa ya moto, mapovu hayo hayapati muda wa kusagika.

Ncha ya bomba la mvuke ikae chini kidogo tu ya uso wa maziwa, pembeni mwa katikati, ili yazunguke. Sikio ndilo litakalokwambia: mlio kama karatasi inayochanwa taratibu ndiyo hewa. Ukisikia mlio wa kubwata, ncha imetoka juu. Ukisikia kulia kwa sauti kali, umezamisha mno, maziwa yanapata moto bila povu. Late yatosha sekunde tatu nne za mlio wa karatasi, kapuchino ongeza mara mbili hivi. Halafu zamisha ncha kidogo, kiganja kikiwa ubavuni mwa jagi. Kikishindwa kuvumilia, zima.

Kabla ya kuanza toa mvuke kidogo nje, maana bombani hukaa maji. Ukimaliza, futa ncha papo hapo kwa kitambaa kibichi.

Kikombe cha yule mzee siku hizi nakisuuza kwa maji ya moto kwanza, kahawa isipoe haraka. Anakunywa, lakini bado analalamika.