Desa la majibu: deni linalodaiwa muhula unaofuata

Desa la kazi ya nyumbani limezunguka, kila mtu kanakili na kapata alama nzuri. Ubaya uko wapi?

Muhula huohuo ubaya hauonekani. Chukua swali hili la intigresheni, kalkulasi ya mwaka wa kwanza:

```
∫ x e^(2x) dx = (x/2)e^(2x) − (1/4)e^(2x) + C
```

Aliyelifanya mwenyewe anajua 1/4 imetoka wapi: amegawa kwa 2 mara mbili, mara ya pili alipointigreti kipande kilichobaki. Aliyedesa ameiona tu imekaa pale. Badilisha 2 iwe 3, na wa kwanza ataandika 1/9. Wa pili atabahatisha 1/6, au ataiacha 1/4 ileile. Hata C kwake ni mkia tu wa kubandika mwishoni.

Na muhula unaofuata?

Inakuja milinganyo ya difrensheli, tuseme y' + 2y = x. Unazidisha pande zote kwa e^(2x). Kushoto panakuwa difrensiesheni ya y e^(2x). Kulia inabaki kuintigreti x e^(2x), yaani swali lilelile la desa. Kisha unagawa kila kitu kwa e^(2x), pamoja na C:

```
y = x/2 − 1/4 + C e^(−2x)
```

Aliyezoea kubandika C mwishoni ataandika x/2 − 1/4 + C. Ukilirudisha jibu hilo kwenye mlinganyo, unapata x + 2C badala ya x. Na hapa pana mtego: akiambiwa y(0) = 1, atapata C = 5/4, sawasawa na mwenzake aliyepatia. Ataondoka akijiona yuko salama.

Mimi sikudesa. Yananihusu nini?

Yanakuhusu sana, na hili ndilo watu hawalioni. Mhadhiri hutumia kazi za wanafunzi kujua wapi arudie. Akiletewa makaratasi 60 yote sahihi, anasonga mbele, na wewe uliyekwama kwa haki unakosa kipindi cha marudio. Anayewapokea muhula unaofuata naye anaamini mada imekaa, kwa hiyo intigresheni hiyo anaimaliza ubaoni kwa mstari mmoja.

Kwa hiyo madesa yapigwe marufuku?

Sidhani, na hayazuiliki. Ningependa majibu ya mwisho yatolewe wazi bila hatua, kwa sababu intigresheni hujikagua: fanya difrensiesheni ya jibu lako, ukirudi kwenye x e^(2x) umepatia. Mhadhiri naye atenge dakika 10 darasani, abadilishe 2 iwe 3, asitoe alama. Akikuta 1/4 kwenye karatasi nyingi, ajue mada bado haijaeleweka, hata kama kazi za nyumbani zilikuwa safi.