Shukrani bila kuomba hongera

"Jumatatu nafungua karakana ya friji na viyoyozi Majengo. Nataka kuwashukuru walionishika mkono, lakini nisionekane natafuta sifa. Niandikeje?"

Anza na habari yenyewe. Facebook na LinkedIn huonyesha mistari michache tu, iliyobaki hufichwa mpaka mtu abonyeze. Ukiijaza mistari hiyo na "siamini macho yangu" au "safari haikuwa rahisi", msomaji ataiona hisia yako kabla hajajua unatengeneza nini, na hapo jibu lililobaki kwake ni hongera. Mfano:

"Kuanzia Jumatatu natengeneza friji na viyoyozi Majengo, mlango wa tatu baada ya kinu cha posho, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Nabadilisha kompresa, naziba panapovuja na kujaza gesi. Fundi (jina) ndiye aliyenifundisha kuchomelea mabomba ya shaba. Jirani yangu (jina) ndiye aliyenitafutia chumba. Ahsanteni."

Kila shukrani hapo imebeba tendo. "Nawashukuru nyote mlioniamini" haimgusi yeyote, tena inamsifu mwandishi kwa mlango wa nyuma: kumbe ni mtu wa kuaminiwa.

Ugumu uko kwenye majina. Wapo wanaosema mtagi kila mtu, kwa kuwa marafiki wa fundi wako wataiona posti, nao ndio wateja wenyewe. Ni kweli, na biashara changa haina bajeti ya matangazo. Lakini aliyetagiwa hakuulizwa. Huenda fundi huyo bado ameajiriwa, na bosi wake sasa anasoma kwamba alikuwa akimfundisha mshindani. Na ukimtagi mtu mwenye jina kubwa mjini ambaye mchango wake ni salamu tu, watu watajua unaazima jina lake.

Kwa maoni yangu, majina mawili au matatu yanatosha, kila mmoja akiwa ametumiwa sentensi yake kwanza kwa WhatsApp: "Naandika hivi, sawa?" Aliyekukopesha pesa mshukuru faraghani. Ukimtaja hadharani, kesho atapangiwa foleni ya wakopaji.

Kuna pia hoja kwamba posti ya namna hii ni kavu, na kwamba Waswahili tunapenda kufurahi pamoja. Basi ongeza sentensi moja ya furaha, isiyouliza. "Nimefurahi sana" inatosha, "mnaonaje?" ni ndoano.

Kwa aliyepata ajira, LinkedIn ina swichi iitwayo Notify network anapoongeza kazi mpya kwenye wasifu. Ikiwa imewashwa, watu wake huweza kuarifiwa na kuletewa pongezi zilizokwisha kuandikwa, wabonyeze tu. Anayetaka kushukuru kwa maneno yake aizime kabla ya kuhifadhi, kisha aandike posti.

Hongera zikija, anza kuwajibu wanaouliza bei.